Pale Maji Yasipofika

Vyombo vimetoka vikimeta, glasi hazina doa hata moja, lakini asubuhi ya pili mlango wa mashine ukifunguliwa jikoni kunasambaa uvundo. Wenye mashine za kuoshea vyombo wanaijua hali hii, na wengi hukimbilia dawa iliyo karibu: wananunua kipakiti cha manukato ya limau cha kutundika kapuni, au wanamimina siki na kuiwasha mashine ikiwa tupu. Siku mbili tatu huwa nafuu. Kisha uvundo unarudi palepale, kwa sababu kilichokuwa kinaoza hakikuguswa.

Ni rahisi kudhani kwamba kifaa kinachopigwa na maji moto na sabuni kila siku kinajisafisha chenyewe. Lakini fuata safari ya maji ndani yake. Mashine ya siku hizi huvuta maji kidogo tu, lita 3 au 4 hivi kwa mkupuo mmoja. Maji hayo hukusanyika kwenye kishimo kilicho sakafuni mwa mashine, hupashwa moto, kisha pampu huyasukuma hadi kwenye mikono inayozunguka yenye vitundu vidogo. Kutoka hapo hurushwa kwa nguvu juu ya vyombo, huanguka chini pamoja na uchafu, hupita kwenye chujio, kisha hurushwa tena. Maji yaleyale huzunguka hivyo mara nyingi kabla mashine haijayamwaga na kuvuta mengine. Kwa hiyo kila punje ya wali iliyobanduka kwenye sahani lazima iishie mahali. Na zipo sehemu ambazo maji hayo hayazipigi kabisa, hata mashine ikifanya kazi mchana kutwa. Harufu karibu yote hutoka huko: pale uchafu unapokusanywa, na pale maji yasipofika.

Nyumba moja ya ghorofa mtaani Kilimani, Nairobi, inaonyesha jambo hili vizuri. Wenyewe ni watu wa Pwani, na kila Jumapili ndugu hukusanyika kwao kwa wali wa nazi, samaki wa kupaka na maharage. Mashine yao ilikuwa na miaka miwili na haikuwahi kuharibika. Aliyeanza kulalamika ni dada anayewasaidia kazi za nyumbani. "Mama, hii mashine inanuka kama soko la samaki jioni," alisema, na mwenye nyumba akajaribu siki, halafu akajaribu tena. Mwishowe wakamwita fundi.

Fundi alifungua mlango, akanusa, akauliza swali moja.

"Mama, chujio huwa mnalisafisha lini?"

"Chujio lipi, baba?"

Swali hilo la pili huulizwa katika nyumba nyingi, na si kwa uzembe. Chujio liko chini kabisa, limefunikwa na kapu la chini, na anayepanga vyombo hana sababu ya kuinama kulitazama. Wengine wamewahi kuishi Marekani au wana ndugu huko, nao wanakumbuka mashine zilizotumika miaka mingi bila mtu kugusa chujio. Kumbukumbu yao ni sahihi. Mashine nyingi za zamani za Kimarekani zilikuwa na kisu kidogo cha kusaga mabaki ya chakula, na chujio lililojisuuza lenyewe wakati wa kuosha. Zilikuwa na kelele. Mashine tulivu zinazouzwa siku hizi kwa kawaida hazina kisu hicho, na kazi ya kuondoa mabaki imeachiwa mkono wa mwenye nyumba.

Fundi alilitoa kapu la chini akaliweka pembeni. Katikati ya sakafu ya mashine kulikuwa na kikombe cha plastiki chenye wavu, kinachoingia kwenye duara la chuma. Alikishika, akakizungusha kuelekea kushoto robo mzunguko, akakivuta juu. Kilitoka kwa sauti ya kunyonya, na hapo harufu ikapanda hadi mlango wa sebule.

Ndani ya kikombe mlikuwa na kibonge cha rangi ya kijivu, laini kwa nje na kigumu katikati. Fundi alikikung'uta kwenye gazeti na kukipasua kwa kijiko. Mlikuwa na punje za wali zilizovimba, mfupa mwembamba wa samaki, mbegu mbili za limau, kipande cha karatasi kilichobanduka kwenye chupa ya achari, na kijiti cha kuchokolea meno. Vyote vilikuwa vimegandishwa pamoja na mafuta meupe.

Hayo mafuta meupe ndiyo kiini cha hadithi. Familia hii ilitumia programu ya kubana umeme kila siku, ile inayopasha maji hadi nyuzi 50 hivi za Selsiasi. Hakuna ubaya katika kuitumia: sabuni za mashine zina vimeng'enya vinavyofanya kazi vyema kwenye joto hilo, na bili ya stima hupungua. Lakini mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi. Mombasa hukaa majimaji karibu mwaka mzima, ilhali Nairobi mwezi wa Julai huganda yakiwa kabatini. Ndani ya mashine hali ni ileile. Wakati wa kuosha mafuta ni majimaji, huteleza kutoka kwenye sahani hadi chini, na mengi hubebwa na sabuni hadi nje. Yanayobaki kwenye nyavu za chujio hupoa usiku na kuganda. Kesho yake wali hunata juu yake. Keshokutwa utando mwingine wa mafuta huja juu ya wali. Samli na mafuta ya nyama, ambayo huganda kwenye joto la juu zaidi kuliko mafuta ya nazi, huongeza uzito wa kile kibonge. Bakteria hupata chakula, unyevu na joto la wastani mahali pamoja, na gesi wanazotoa hukaa zikisubiri mlango ufunguliwe.

Samaki na mayai huzidisha. Nyama ya samaki inapooza hutoa kemikali jamii ya amini, na harufu yake huhisiwa hata ikiwa kidogo sana. Yai lina salfa. Ndiyo maana mashine inayokula mabaki ya wali mtupu huweza kukaa muda mrefu bila kunuka, na ile inayooshea sahani za samaki hulalamikiwa mapema.

Chujio la Kilimani liliwekwa kwenye beseni la maji moto yenye sabuni ya kuoshea vyombo kwa mkono, likakaa dakika 10. Dada akalisugua kwa mswaki laini wa zamani, kutoka nje kuelekea ndani na kutoka ndani kuelekea nje, huku maji ya mfereji yakipita. Alitaka kutumia sufi ya chuma, ile ya kusugulia masizi, na fundi akamzuia. Wavu ule ni mwembamba. Ukitoboka, uchafu utapita hadi kwenye pampu na kurudi kwenye glasi kama mchanga. Njia ya kujua kama chujio limesafika ni kuliinua mbele ya dirisha. Mwanga ukipita kila mahali, kazi imekwisha. Pakiwa na madoa ya giza, mafuta bado yamo.

Chini ya chujio kuna kishimo chenyewe, nacho kisisahaulike. Maji kidogo yaliyobaki humo ni ya kawaida, na husaidia kuzuia sili za pampu zisikauke. Yakiwa yamepanda juu ya usawa wa chujio, hiyo ni dalili kwamba mashine haimwagi maji ipasavyo. Kabla ya kutia mkono humo, mashine izimwe kwenye soketi na glavu zivaliwe. Vipande vya glasi iliyovunjika huishia hapo na ni vigumu kuviona. Maji hufyonzwa kwa sifongo, na takataka hutolewa kwa kijiko.

Kurudisha chujio ni hatua fupi ambayo huharibiwa na haraka. Wavu wa bapa hutangulia, kikombe hufuata, kisha huzungushwa kuelekea kulia hadi kikaze. Mashine nyingi zina mshale mdogo unaoonyesha kimefungika. Kikiachwa kimelegea, chakula hupita pembeni na kuingia kwenye pampu, na harufu itakayofuata haitaondolewa kwa mswaki.

Baada ya chujio, fundi aliushika ukingo wa mpira unaozunguka mlango. Mpira huu huziba maji yasivuje, na umekunjwa ili ujibane vizuri mlango ukifungwa. Katika mkunjo huo ndimo unyevu unamobaki. Alifungua mkunjo kwa kidole gumba, taratibu, na ndani mlikuwa na mstari mweusi unaoteleza. Ile ilikuwa kuvu.

Kuvu wa mpirani wamechunguzwa na wanasayansi. Mwaka 2011 watafiti wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Ljubljana, Slovenia, walichapisha matokeo ya uchunguzi wa mashine 189 za majumbani zilizokuwa katika miji 101 ya nchi 18. Walipangusa mipira ya milango na kuotesha walichokipata. Asilimia 62 ya mashine zilikuwa na kuvu, na aina waliyoikuta zaidi ilikuwa hamira nyeusi za jamii ya Exophiala. Viumbe hawa wanavumilia joto kali, chumvi na sabuni zenye nguvu. Mazingira ambayo tungetarajia yawaue ndiyo yanayowaondolea washindani. Hii haimaanishi kwamba sahani zinazotoka kwenye mashine ni hatari kwa mtu mwenye afya. Wanaopaswa kuwa waangalifu zaidi ni wale ambao kinga yao ya mwili imedhoofika, au wenye maradhi sugu ya mapafu. Kwa wengine wote, uchunguzi huo unaeleza kwa nini mashine inayoosha kwa maji moto kila siku bado inaweza kunuka ukungu, na kwa nini kuongeza joto peke yake hakutoshi. Utando wa kuvu unahitaji kupanguswa.

Kazi yenyewe ni nyepesi. Kitambaa kilicholowekwa kwenye maji ya uvuguvugu yenye tone la sabuni hupitishwa juu, kulia na kushoto, huku kidole kikifungua mkunjo. Mswaki mdogo hufika kwenye pembe. Mpira usivutwe kwa nguvu, maana umeingizwa tu kwenye mfereji wake. Ukichomoka, anza kuurudisha kwenye pembe na kumalizia katikati. Mwisho ukaushwe kwa kitambaa kikavu.

Kuna sehemu moja ambayo hata waliozoea kusafisha chujio huipita: ukingo wa chini wa mlango. Mlango ukiwa umefungwa, ukingo huo huwa chini ya eneo ambalo mikono ya maji hurushia. Maji yenye mafuta huteremka kwenye uso wa ndani wa mlango, hufika ukingoni na kubaki hapo. Hakuna programu inayouosha. Pale Kilimani fundi alichuchumaa mbele ya mlango uliofunguliwa, akapitisha karatasi ya jikoni kwenye ukingo huo na pembeni mwa bawaba. Karatasi ilirudi na ukoko wa rangi ya kahawia, mzito kama ulimi wa kisu kikubwa. Mwenye nyumba alisema huo ndio uliomsumbua moyo zaidi ya kibonge cha chujio, kwa sababu alikuwa akiuona mlango huo kila siku.

Mpaka hapo hakuna siki iliyotumika. Mpangilio huu una sababu. Uchafu mzito huondolewa kwanza kwa mkono, kisha ndipo mashine huwashwa tupu ili kumalizia utando mwembamba usioonekana. Anayeanza na siki anaimwaga juu ya kibonge cha mafuta, na siki haiyeyushi mafuta.

Kuhusu siki yenyewe, inafaa kupiga hesabu. Kikombe cha mililita 250 chenye asidi asilimia 5, kikichanganyika na lita 3 na zaidi za maji, huwa asidi isiyofika hata nusu ya asilimia moja. Tena mashine nyingi huanza kwa kusuuza na kumwaga, hivyo sehemu kubwa ya siki hutoka dakika za mwanzo. Kilichobaki kinaweza kulainisha chokaa changa na kutuliza harufu ya samaki, kwa kuwa asidi huzibadili zile amini kuwa chumvi zisizoruka hewani. Zaidi ya hapo tusiitarajie. Baadhi ya watengenezaji pia huonya kwamba siki ikitumika mara kwa mara huuchakaza mpira, hivyo kitabu cha maelekezo cha mashine husika kisomwe kwanza.

Mafuta yanahitaji vitu viwili ambavyo siki haina: joto na sabuni ya mashine, ambayo ni ya alikali. Kwa nyumba inayopika nazi, samli na nyama, mzunguko wa mwisho wa mwezi uwe programu kali ya nyuzi 65 au 70, mashine ikiwa tupu na sabuni yake ya kawaida ikiwa kwenye kisanduku chake. Ikiwa tatizo kubwa ni chokaa, ile rangi nyeupe inayoshika chuma na glasi, basi mwezi huo itumike siki bila sabuni, au dawa ya kuondolea chokaa iliyotengenezwa kwa mashine hizi. Siki huwekwa kwenye bakuli zito lililosimamishwa wima kapu la juu. Siki na sabuni zisitiwe pamoja, kwani asidi na alikali huuana nguvu. Bikaboneti ya soda, ile ya kuumulia mandazi, nayo isichanganywe na siki kwa sababu hiyohiyo. Povu lake linapendeza macho, lakini baada ya povu hubaki maji yenye chumvi tu.

Onyo moja lichukuliwe kwa uzito wote. Dawa ya klorini ya kung'arishia nguo isikutane kamwe na siki, limau wala asidi yoyote, ndani ya mashine au nje yake. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, na jiko dogo la ghorofa lililofungwa madirisha ni mahali pabaya pa kuivuta. Hata ikitumika peke yake, klorini hula chuma cha pua ambacho ndicho ukuta wa ndani wa mashine nyingi.

Kwa ratiba ya kila mwezi, basi, nusu saa ya kazi ya mkono inatosha. Chujio hulowekwa kwanza. Likiwa linalainika kwenye beseni, kishimo kinafyonzwa, mpira na ukingo wa chini vinapanguswa, kisha mikono ya kurushia maji inakaguliwa. Mikono hiyo hutoka kwa kuvutwa au kufunguliwa skrubu moja, kulingana na mashine. Mbegu na punje huziba vitundu vyake, na kitundu kilichozibwa ni chakula kilichobaki kwenye sahani ya mtu. Huzibuliwa kwa kijiti cha meno na kusuuzwa chini ya mfereji. Chujio linasuguliwa, linasuuzwa hadi povu liishe kabisa, linarudishwa na kufungwa. Sabuni ya mkono ikibaki ndani, mashine itafura povu na huenda ikavuja sakafuni. Kisha programu kali inawashwa, na mlango unaachwa wazi kidogo ikimalizika.

Wanaoosha vyombo kila siku, na hasa wanaokula samaki kwa wingi, watahitaji kulisuuza chujio kila wiki. Hilo ni suala la dakika tatu. Nyumba ya watu wawili wanaowasha mashine mara mbili kwa wiki inaweza kukaa mwezi bila shida.

Nairobi kuna jambo jingine linalochangia, nalo ni mgao wa maji. Mfereji ukikauka kuanzia Jumatano hadi Ijumaa, vyombo vya Jumatano hukaa ndani ya mashine iliyofungwa vikisubiri. Sahani kumi zenye mchuzi kwenye kisanduku kisichopitisha hewa huoza bila msaada wa chujio wala mpira. Vyombo vya namna hiyo ni afadhali vikwanguliwe vyema kwenye ndoo ya taka na mlango uachwe wazi kidogo hadi maji yarudi. Kukwangua kunatosha, kuviosha kwanza kwenye sinki ni kupoteza maji ambayo mashine ilinunuliwa iyaokoe. Penye watoto wadogo mlango usiachwe wazi bila mtu jikoni, visu vielekezwe ncha chini, na tembe za sabuni ziwekwe mahali pa juu, maana zinaunguza mdomo na koo.

Turudi Kilimani, kwani hadithi haikuishia kwenye chujio. Baada ya usafi ule harufu ya samaki ilitoweka. Wiki ya pili ikaja nyingine, tofauti: harufu ya bomba la maji machafu, iliyosikika zaidi baada ya vyombo vizito kuoshwa kwenye sinki. Mama alimpigia fundi simu akiwa na wasiwasi kwamba kazi ya kwanza ilifanywa nusunusu. Fundi alisikiliza, kisha akamwomba afanye jaribio kabla yeye hajaja.

Jaribio lilikuwa hili. Chujio litolewe, kishimo kifyonzwe kwa sifongo hadi kikauke. Sinki lizibwe, lijazwe maji yaliyotiwa chai ya rangi iliyokolea, kisha kizibo kivutwe kwa mara moja. Dada alisimama na tochi ya simu mbele ya mashine, na mama akavuta kizibo. Chini ya dakika moja maji ya kahawia yalianza kutambaa kishimoni, yakapanda kama vidole viwili. "Mama, chai imekuja huku!" dada akaita.

Maji ya sinki yalikuwa yanarudi kwenye mashine. Aliyefunga vifaa vya jiko hilo alilaza mpira wa kutolea maji machafu sakafuni nyuma ya kabati na kuuunganisha moja kwa moja kwenye bomba la sinki. Mpira huo unatakiwa kwanza upande juu, kisha ndipo uteremke kwenye bomba. Miongozo mingi ya ufungaji hutaka upande sentimita 40 au zaidi kutoka sakafuni, na mafundi wazuri huufunga karibu na meza ya jiko kadiri unavyofika. Ule mpando ndio unaozuia maji ya sinki yasirudi nyuma. Bila huo, bomba la sinki likianza kuziba kwa mafuta, maji machafu hutafuta njia iliyo rahisi, na njia hiyo ni mashine.

Fundi aliurefusha mpira kidogo, akaupandisha hadi chini ya meza na kuubana kwa kibano, kisha akazibua bomba la sinki lililokuwa limeshika mafuta ya nazi yaleyale. Chai ilijaribiwa tena, na kishimo kikabaki kikavu. Katika baadhi ya nyumba kosa huwa jingine: mpira umetumbukizwa tu kwenye bomba la ukutani lisilo na mkunjo wa chini unaobakiza maji. Mkunjo huo ndio huzuia gesi za mtaro. Usipokuwepo, harufu hupanda moja kwa moja hadi ndani ya mashine, na hakuna usafi wa chujio utakaoizuia.

Pua, kwa hiyo, hupunguza kazi ya kutafuta. Harufu ya uchachu au samaki huelekeza kwenye chujio. Ya ukungu, kama ya nguo zilizokaa mbichi, huelekeza kwenye mpira na ukingo wa mlango. Ya mtaro huelekeza kwenye mpira wa maji machafu na bomba la sinki. Ya yai bovu inayotoka pia kwenye mfereji wa maji moto haihusiani na mashine, bali na maji yenyewe au tangi la kuyapashia. Na ya plastiki inayoungua ni ya kuzima umeme papo hapo. Huenda ni kijiko cha plastiki kilichoangukia kipasha joto, lakini huenda pia ni waya.

Chujio likiwa safi, mpira ukiwa umepanguswa, chai haijarudi, na bado harufu ipo baada ya programu kali mara mbili, basi kilichobaki kiko ndani ya pampu au kwenye mpira wa maji machafu wenyewe, ambao kwa miaka hujijenga utando wa mafuta usiofikiwa na mswaki. Mpira huo hubadilishwa, na bei yake ni ndogo ikilinganishwa na ya pampu. Fundi anapoitwa, asaidiwe kwa kuelezwa mambo matatu: harufu ni ya aina gani, inasikika zaidi kabla au baada ya kuosha, na kama maji hubaki juu ya usawa wa chujio mashine inapomaliza.